Unga wa Lishe Uliopangwa kwa Heshima

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya afya, Tabora mjini. Tulikuwa wawili: mimi, na mkuu wangu, mzee wa mjini mwenye kofia safi na kanzu ya Ijumaa, aliyeamini kuwa karatasi ikipendeza macho, imekwisha kusema kweli.

Siku moja ukaja unga wa lishe kwa ajili ya kliniki za watoto. Magunia yalikuwa meupe kwa nje, hayana hata herufi. Maandishi yalikuwa kwenye pakiti chache za mfano tu. Bibi Afya, mkubwa wetu, akaagiza maneno ya pakiti yanakiliwe yalivyo, kila gunia liende na karatasi yake. Mzee akaichukua kazi mwenyewe. Mimi nikaachiwa kuzungusha mashine ya kurudufu, na wino ukaniingia hadi viwikoni, sikusoma kitu.

Kesho yake tukaenda kliniki ya kijiji cha Kwihara na gunia la kwanza. Akina mama walikaa na watoto mapajani. Katibu wa kijiji, aliyekuwa pia mwalimu, akasimama akasoma karatasi kwa sauti:

"Viambato: maziwa ya unga, soya, sukari, mafuta ya mimea, karanga, alizeti, vitamini, chumvi, mahindi."

Mama mmoja alikuwa amekwisha kuchota unga kiganjani. Akausugua kwa kidole gumba, akaulamba.

"Haya maziwa yamekobolewa wapi?" akauliza. "Mbona yana pumba?"

Watu wakacheka. Mwingine akatia mkono guniani hadi begani, akapapasa.

"Na karanga? Sizioni karanga. Zimeliwa njiani?"

Hapo kicheko kikapungua. Siku zile mali ya umma ikipungua, lilikuwapo neno moja tu, na mtu wa nyuma akalitamka: "Wanyonyaji!" Nikajiona nimeshika mkoba wangu kama mwizi.

Katibu akainua mkono, akaendelea. "Katika gramu mia za unga: protini gramu kumi na nane. Mafuta gramu sita. Kalsiamu gramu mia tatu..." Akausoma mstari tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Mzee wangu, gramu mia tatu zimeingiaje ndani ya gramu mia?"

"Endelea tu, mwalimu," akasema Mzee.

"Chuma gramu kumi na mbili."

"Hicho si chakula, ni spana!" akasema babu mmoja aliyestaafu karakana ya reli.

Nikakumbuka kuwa mkobani nina pakiti ya mfano. Nikaitoa, nikampa katibu. Akaisoma polepole: "Mahindi, soya, sukari, maziwa ya unga, mafuta ya mimea, mabano, alizeti, karanga, funga mabano..."

"Kumbe karanga zimo ndani ya mafuta!" akasema yule mama aliyetia mkono guniani.

"Ndiyo, mama. Mabano yanasema mafuta hayo yametokana na nini. Na kinachotangulia ndicho kilicho kingi kwa uzito." Akageuza pakiti. "Kalsiamu miligramu mia tatu. Chuma miligramu kumi na mbili. Elfu moja za hizo ndizo gramu moja." Kisha akamtazama Mzee. "Shikamoo, Mzee wangu. Ilikuwaje?"

"Marahaba." Mzee akavua kofia, akaitazama ndani. "Mwanangu, niliona haya. Maziwa yakae nyuma ya mahindi? Mahindi kila mtu anayo nyumbani! Nikayapa maziwa nafasi ya mgeni, na karanga nikazitoa mabanoni zionekane."

"Na gramu?"

"Vipimo viwili katika safu moja vilikuwa vinaniharibia ukurasa. Nikasema, siasa yetu si ni usawa?"

Nilidhani watamzomea. Badala yake babu wa reli alicheka hadi akakohoa, na akina mama wakaamua adhabu wenyewe: aukoroge uji wa kliniki nzima, na aanze na kilicho kingi. Akakunja kanzu, akakoroga, moshi ukimtoa machozi, huku wakimuuliza kila mara uji umefikia miligramu ngapi.

Tuliporudi mjini tulikata stensili mpya ya mashine ya kurudufu. Mimi nilisoma pakiti, yeye akapiga, na hakuruhusu niruke hata nukta. Tulipofika kwenye mchanganyiko wa vitamini na madini, ambao ulikuwa na mabano ndani ya mabano, akasimamisha vidole.

"Yamefunguliwa mangapi, binti?"

"Mawili, Mzee."

"Basi nifunge mawili. Ukifunga moja, chumvi itahesabiwa vitamini."

Akafunga mawili, akapuliza stensili kana kwamba ni moto wa jiko, kisha akaniita nilinganishe tena na pakiti kabla magunia ya kliniki za Ziba na Nzega hayajapakiwa.