Mwenyekiti wa Wakemia

Nilianzisha jumuiya ya wahitimu wa kemia kwa sababu ya wivu. Mengine yote niliyosema baadaye kwenye hotuba, kuhusu taaluma na ujenzi wa taifa, niliyatunga njiani.

Nilikuwa nimepanga chumba Kariakoo, na jirani yangu wa ukuta alikuwa mhandisi. Wahandisi walikuwa na umoja wao, na yeye alikuwa katibu. Kila mara alikuwa anaitwa mahali: semina, ufunguzi, kamati. Mimi nilikuwa mkemia wa maabara katika kiwanda cha umma cha sabuni, na meneja mkuu wetu alikuwa akinipita koridoni kama anayepita ndoo ya maji.

Basi nikawakusanya wahitimu wenzangu ghorofani kwenye hoteli moja ya chai. Mmoja alifanya kazi bandarini akikagua mizigo, mwingine alifundisha sekondari, wengine walikuwa viwandani. Hawakuja kwa ajili ya taaluma. Walikuja kwa sababu nilitangaza kwamba kutakuwa na maandazi, na miaka ile ya uhaba andazi lilikuwa hoja nzito. Tukaandika katiba. Nilipendekeza mwenyewe kwamba uongozi ubadilike kila mwaka kwa kura, maana nilitaka nionekane mtu wa demokrasia. Walipouliza nani awe mwenyekiti, nilinyamaza kwa unyenyekevu mpaka nikaona wanamtazama mwalimu, hapo nikakohoa.

Usajili ulitusumbua. Ofisa aliyepokea maombi yetu alisoma neno "chama" akavua miwani, akatukumbusha taratibu kwamba nchi hii ina Chama kimoja. Tukarudi, tukafuta neno, tukaandika "jumuiya", tukakubaliwa. Siku ile ile nilikwenda kuchongesha mhuri. Katibu wetu, dada mmoja wa maabara ya serikali, aliuliza kama tusingeanza kwanza kuwatafuta wahitimu waliopangiwa kazi mikoani. Nilimwambia mhuri hausubiri.

Kwa mkutano wa kwanza wa hadhara tuliazima ukumbi karibu na Mnazi Mmoja. Mgeni rasmi nilimchagua mimi: meneja mkuu wangu. Barua ilitoka kwa mwenyekiti, ikapigwa mhuri, naye akakubali upesi. Nilikuwa nimefanya kazi chini yake miaka kadhaa bila kupata hata salamu, na karatasi moja ikamleta mpaka mlangoni kwangu.

Nilimpokea nikiwa na suti ya kuazima ambayo mikono yake iliishia mbali na viganja vyangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Na wewe unafanya kazi wapi?"

"Kwako, mzee. Maabara."

Aligeuka kunitazama vizuri. "Maabara yangu?"

Siku nzima iliyobaki nilikaa naye meza kuu nikitokwa jasho, na mpiga picha wa gazeti akatupiga pamoja. Ilipotoka ile picha nililinunua gazeti, kisha nikanunua jingine.

Wiki ile akaniita ofisini. Nilidhani ananipandisha cheo. Kumbe alitaka kujua kwa nini sabuni yetu haitoi povu. Nilimweleza kwamba mafuta ya nazi yalipoadimika kiwanda kiliongeza mafuta ya wanyama, ambayo hutoa sabuni ngumu lakini yenye povu kidogo. Na maji ya chumvi ya visima vya mjini yanazidi kulipunguza. Niliyaandika haya zamani kwenye taarifa, na msimamizi wangu akaiweka chini ya birika. Sasa mzee aliitikia kwa kichwa kama anayesikia habari njema, akaagiza nazi zitafutwe. Maneno yalikuwa yale yale. Kilichoongezeka ni cheo.

Hapo nikalewa. Nikawekwa kwenye kamati ya viwanda, nikaulizwa mambo ya ngozi, ya rangi, hata ya saruji, na yote niliyajibu. Mtaani akina mama walinisimamisha sokoni kuniuliza mche wa sabuni utapatikana lini, nami niliwaambia "tunalishughulikia" kwa sauti ya redioni.

Wakati huo katibu alikuwa akiwaandikia wahitimu. Aliwapata wa Mwanza, wa Tanga, wa Mtwara. Akamtafutia mmoja kemikali za maabara, akamwombea mwingine uhamisho. Mkutano wa mwaka ulipofika, ukumbi ulijaa watu nisiowajua, wakanipita wote kwenda kumsalimia yeye. Kura zilipohesabiwa, niligundua kwamba mhandisi wangu wa ukuta, ambaye hakuwa mwanachama bali mwalikwa tu, ndiye peke yake aliyenipa pole.

Katibu, sasa mwenyekiti mpya, alisimama kushukuru. Meneja mkuu, mgeni rasmi kwa mara ya pili, alikuwa tayari anamuuliza jambo huku ameinama kwa adabu. Nami nikapiga makofi, nimechelewa kidogo.