Mayai ya Mama

Mtaalamu wa lishe pale kliniki, Morogoro mjini, alisema misuli ya miguu ya mama inakwisha. Ajizoeshe kuinuka kitini kila siku, na ale vizuri. Yai moja si kitu kwa mzee, lina gramu sita tu za protini, na kila mlo wake unataka zaidi ya ishirini. Basi asubuhi apewe mayai mawili, maharage na maziwa.

Nikapandisha trei ya mayai hadi kwa mama, kijijini Kinole, milimani. Niliporudi wiki iliyofuata, nilimkuta kaka yangu, anayeishi na mama, akimenya yai la kuchemsha, maganda yamejaa sahani. Mama alikuwa na chai ya rangi na muhogo.

"Mayai yanawaletea wazee presha," kaka akaniambia, mdomo umejaa.

"Mwache ale, mwanangu," mama akadakia. "Mwanaume anahitaji nguvu."

Mama akataka kwenda chooni. Akajisukuma kwa mikono, akarudi kitini puu. Akajaribu tena.

"Nguvu si unazo?" nikamwambia kaka. "Haya, mwinue."

Akanionyesha viganja vyake.

"Mikono ina chumvi," akasema.