Kiti Kilichongoja Jumatatu

Nilifika kwake Jumapili jioni, na begi moja la vitabu na uchovu wa safari ya siku mbili. Kabla hajanipa ufunguo wa chumba, mwenye nyumba aliniambia maji yatakatwa Jumanne. Nikasema sawa. Hakuridhika.

"Jumanne tarehe nane," akasema. "Si kesho. Unalala leo, unalala na kesho, ukiamka maji hakuna. Haya, niambie wewe: maji yanakatwa lini?"

Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndipo akauachia ufunguo.

Muuza mikate, aliyekuwa akipanga mikate kwenye kaunta, alicheka akaniambia nisishangae, huyu ndiye Mama Kalenda. Ukimwambia utakuja kesho, atakuuliza kesho ya nani.

"Kesho yako naijua," Mama Kalenda akamjibu bila kuinua macho. "Ndiyo hiyo mikate ya juzi."

Nyumba yake ya wageni ina vyumba kumi na kimoja. Funguo zinaning'inia kwenye ubao wenye misumari, na pembeni mwa ubao kuna kalenda tatu, moja ya duka la rangi, moja ya duka la dawa, na ya tatu aliyoichora mwenyewe kwa rula. Nyuma ya kaunta kuna mlango wa chumba chake: kitanda, meza ya kupigia pasi, dirisha linalotazama barabara, na viti viwili. Kimoja ni cha plastiki. Kingine ni cha mbao, kina mikono iliyolainika kwa kushikwa. Siku ya tatu aliniita ndani nimshikie ncha ya shuka tulikunje, na tulipomaliza nikataka kukaa kwenye kile cha mbao.

"Hicho kina mtu," akasema.

Hakukuwa na mtu. Nikakaa kwenye plastiki.

Habari za kile kiti nilizipata kidogo kidogo, akipiga pasi foronya, na sehemu nyingine alizirudia mara mbili kana kwamba ananikagua kama nasikiliza. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa akikikalia. Ujanani alikuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi, yule anayetangulia porini akiburuta mnyororo wa kupimia huku bwana mpimaji akichungulia kwenye kioo. Kazini alimzoea mpimaji mmoja Mwingereza. Wakiwa kambini, mbali na barabara, homa ikamwangusha yule Mwingereza. Waliobaki naye hemani usiku wa mwisho ni watu wawili tu, homa na kaka.

Miaka thelathini na mitano ikapita. Kaka alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na kikohozi, anaishi na dada yake katika chumba hiki, pale alipotokea mwanamke wa Kiingereza mlangoni. Alikuwa binti wa mpimaji. Baba yake alipofariki yeye alikuwa na miaka sita. Alikuwa ametafuta majina kwenye karatasi za zamani mpaka akampata mshika mnyororo, na alitaka jambo moja tu: kujua baba yake alisema nini mwishoni.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kaka alikuwa amelala, hana hata pumzi ya salamu. Mama Kalenda, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, akamwambia mgeni arudi kaka akipata nguvu. Mgeni alikuwa akijikaza kuzungumza Kiswahili. Namba alikuwa amezijua sokoni, kwa kununua vitunguu na nyanya. Na Mama Kalenda, ambaye Kiingereza cha mapokezi anakijua vizuri, alipendezwa.

"Nilimsifu," aliniambia, pasi ikiwa imesimama hewani. "Nikamwambia, wewe sasa ni wa nyumbani, sikusemeshi Kiingereza. Njoo Jumatatu."

Saa aliilinda. Kila anayepokea wageni hapa anajua kwamba saa nne yetu si saa nne yao, kwa hiyo saa alimtajia kwa Kiingereza, akamwonyesha na mkono wa saa ya ukutani, saa kumi yao, asubuhi. Siku akaiacha uchi. Nani huwa anailinda siku?

Nimelala katika miji ya lugha nyingi, na kila lugha ina mahali inapoanzia kuhesabu wiki. Kuna wanaoanzia Jumapili, na kwao Jumatatu ni ya pili. Kuna wanaoanzia Jumatatu, na ya pili kwao ni Jumanne. Sisi tulianzia siku inayofuata Ijumaa: mosi, pili, tatu, nne, tano, mpaka Jumatano. Halafu hesabu ikatuishia mkononi, tukaazima Alhamisi, ambayo huko ilikotoka nayo ni ya tano, maana wao walianza Jumapili. Ndiyo sababu wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana, na sita haina. Mwingereza majina ya siku zake hayahesabu kitu. Akijifunza namba zetu kabla ya siku zetu, atazipachika kwenye wiki ya ofisini kwake, inayoanza Jumatatu asubuhi, na tatu itamwangukia Jumatano. Yule binti alifanya hivyo. Alitoa kidaftari, akahesabu kwa vidole, akaandika, akashukuru. Mama Kalenda aliviona vidole vikihesabu. Alidhani anahesabu siku zilizobaki.

Jumatatu kaka aliamka na nguvu ambazo hakuwa nazo kwa mwezi mzima. Aliomba koti. Aliomba anyolewe. Saa nne alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, na kile cha plastiki amekiweka mbele yake kwa ajili ya mgeni. Saa tano. Saa sita. Chai ya mgeni ikafunikwa kwa sahani, ikapoa, ikamwagwa, ikawekwa nyingine. Dada alitoka mara tatu kutazama barabarani. Saa saba kasoro, akiwa jikoni, alimsikia kaka akiongea. Akadhani mgeni ameingia. Akaja na birika mpaka mlangoni, na akakuta kaka anaongea na kiti cha plastiki.

Hakuingia. Alisimama na birika mpaka kiganja kikaungua, akasikiliza yote. Kaka alipomaliza akaomba kulala. Usiku ule wa kuamkia Jumanne, akafariki.

Jumatano, saa nne kamili, binti wa mpimaji alikuja na kopo la biskuti. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, viatu vimetapakaa mpaka barabarani. Alisimama kizingitini akawatazama watu, akatazama mkono wake, akaanza kukunja vidole.

"Leo si Jumatatu?" akauliza.

Mwombolezaji mmoja akamwambia ni Jumatano. Mama Kalenda alikuwa na maneno ya baba wa yule mwanamke kifuani, na kuyatoa kulitaka kwanza amwambie: mzee alikungoja, na aliyekukosesha ni mimi. Akalipokea kopo. Akasema asante. Mgeni akaondoka akidhani kosa ni lake peke yake.

Miaka kumi na mmoja sasa. Kila Jumatatu saa nne, aliniambia, kiti cha mbao hukwaruza sakafu mara moja, kama mtu anayejiweka sawa. Nilimuuliza kama si panya. Akasema panya wa nyumba hii anawajua kwa majina, na hakuna aliye na hesabu ya siku.

Jumamosi simu ya kaunta ililia. Nilikuwa hapo nikinywa chai. Yule binti alikuwa amepita tena nchini, ana siku chache, anaomba kuja kumsalimu. Kusalimu tu. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka sasa, kwamba atakuja Jumatatu ijayo.

Mama Kalenda akashika ukingo wa kaunta. Nadhani alikuwa na nafasi, kwa dakika moja, ya kusema sawa na kuiacha siku ijipoteze yenyewe. Jumatatu ijayo ingeweza kuwa ya keshokutwa. Ingeweza kuwa ya wiki ile nyingine, binti akiwa ameshapanda ndege. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Mwanangu, ngoja," akasema. "Ijayo hiyo siitaki. Leo ni Jumamosi, Saturday. Kesho hatuonani. Keshokutwa ndiyo Jumatatu, Monday, tarehe kumi na nne. Unalala mara mbili, unakuja. Saa nne asubuhi, kumi yenu. Haya, sasa niambie wewe, kwa Kiingereza chako. Unakuja lini?"

Akasikiliza. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akaenda kwenye kalenda ya tatu akaweka alama, na kalamu ilitoboa karatasi.

Jumatatu aliniomba nishike kaunta. Muuza mikate alipita akauliza kama nimeajiriwa, maana wasomi siku hizi kazi hawana, nikamwambia anyamaze. Saa nne kasoro dakika moja niliusikia ule mkwaruzo, mmoja, sakafuni nyuma yangu. Mama Kalenda alikuwa amesimama nami upande wa mbele. Hatukutazamana.

Mgeni aliingia, mwanamke wa makamo mwenye mvi na viatu vya kutembelea. Akamwamkia. Mama Kalenda akamwingiza chumbani, na mlango akauacha wazi. Alimkalisha kwenye kiti cha mbao. Yeye akachukua plastiki, kile ambacho kaka alikuwa amekisemesha. Na kabla chai haijamiminwa akasema yote kwa mfuatano: kwamba siku aliitaja vibaya, kwamba mzee alinyolewa akavaa koti akangoja, kwamba yeye alisikia mlangoni akanyamaza.

"Alisema hivi," akaendelea. "Baba yako kila akizinduka alikuwa anauliza leo siku gani. Gari la kuwarudisha lilikuwa likija Jumamosi. Usiku ule ilikuwa Alhamisi, na kaka aliona bwana hatafika Jumamosi. Akamwambia, leo Jumamosi, bwana, gari liko njiani. Baba yako akafurahi. Akasema, basi mtoto yuko dirishani, ataliona gari kabla yangu. Hakusema kingine. Kaka alisema, niwie radhi, nilimdanganya siku."

Chai ikamiminwa. Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Nilikuwa dirishani," mgeni akasema. "Jumamosi ile. Mama alinivalisha gauni la kutokea. Nilikaa mpaka giza."

Mama Kalenda aliinuka akafungua dirisha, mabawa yote mawili, na kelele za barabara zikaingia. Mgeni akakigeuza kile kiti cha mbao kukabili nje, kikakwaruza sakafu, na wote wawili wakakaa wakitazama magari yakipita, hakuna lililosimama, mpaka chai ikapoa.