Jina Kifuani mwa Koti

Hapa Majengo mume wangu walimwita Salehe Subiri, na mimi ndiye niliyeteseka na hiyo subira. Alikuwa mpiga picha. Ukitaka picha yako leo, atakwambia kesho. Kesho ukija, utamkuta bado anaikodolea macho. Nilikuwa namwambia, "Baba Zaidi, watu wataenda kwa Mhindi!" Anacheka tu. Ningemfanya nini? Nilimpenda hivyo hivyo.

Mwaka wa hamsini na tano akaja msichana kutoka Mamba, Magdalena, mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa anakaribia kuolewa. Baba yake, Eliezeri, alifariki kabla ya vita, yeye akiwa mchanga, na mama yake hakukawia kumfuata. Akalelewa na bibi yake, mama wa huyo Eliezeri. Hakukuwa na picha yake hata moja nyumbani.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Nimesikia baba alihudhuria mkutano mkuu wa wakulima wa kahawa hapa mjini, na mzee akawapiga picha. Nataka kuiona sura yake kabla sijaolewa. Na bibi nimpelekee ya kutundika ukutani."

Salehe hatupi kitu. Akakitoa kwenye sanduku kile kioo cha kamera kilichonasa picha ile, akaichapa upya. Wajumbe wamesimama safu tatu mbele ya ukumbi, kila mmoja na beji ya karatasi kifuani, imebanwa kwa pini. Magdalena akashika lenzi ya kukuzia, akapita kifua kwa kifua. Ghafla akapiga kelele.

"Huyu hapa! Eliezeri, Mamba! Mama, tazama pua. Si ndiyo yangu hii?"

Nikatazama. Wallahi, pua niliiona, na macho pia nikayaona. Tukakumbatiana, tukalia sote wawili. "Baba," akaiambia ile karatasi, "mwanao naolewa."

Salehe hakulia. Akakuna kichwa.

"Mwanangu, hii beji imesema jina la aliyeandikiwa. Aliyeivaa bado hatujamjua. Kuna Eliezeri wangapi huko mlimani? Na karatasi ya pini hubanduka, ikabandikwa pengine. Tumwonyeshe bibi kwanza, ndipo niikuze iwe ya ukutani."

Nikawaka. "Jina limeandikwa, kijiji kimeandikwa, pua unaiona! Unataka marehemu aje kujitaja mwenyewe?"

"Pua tumeiona baada ya kusoma jina," akasema kwa upole. "Tungesoma jina la mwingine, tungeiona kwa huyo mwingine."

Jumapili tukapanda Mamba, mimi nimenuna njia nzima. Bibi Ndelilio tulimkuta kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, amekaa chini ya migomba anamenya ndizi. Salehe hakumtajia jina wala hakumwonyesha kidole. Alimpa picha na lenzi, akasema tu, "Bibi, tazama kama kuna unayemfahamu."

Bibi akatazama kwa muda mrefu. Akamfikia yule wa beji, akasita.

"Huyu ni Elifuraha wa Marangu, rafiki ya mwanangu. Lakini koti ni la Eliezeri. Kiraka hiki cha mfukoni nilikishona mimi."

Magdalena akakaa chini puu. Maskini, uso ule alishauota siku tatu! Nikamshika bega, hasira yangu yote ikageuka huruma. Lenzi ya bibi ikaendelea kutembea, hadi mwisho wa safu ya nyuma. Pale amesimama kijana mwembamba, shati tupu, hana beji, amekumbatia mikono yake.

"Eli wangu," akasema bibi.

Hata hapo Salehe hakuridhika. Mama mwenye uchungu naye huweza kuona anachokitamani, alininong'oneza. Tukashuka hadi Marangu kwa Elifuraha, mzee mwenye mvi sasa. Tukampa picha bila kumweleza neno. Akaweka kidole pale pale, kwa kijana wa shati.

"Eliezeri," akasema. "Asubuhi ile ilikuwa na ukungu, nami nilikuwa na homa, natetemeka. Akavua koti akanivika, na beji yake ikiwa juu. Yangu ikabaki chini ya koti. Mpiga picha alishatuita, nani angekumbuka karatasi?"

Magdalena akafuta machozi kwa kanga yangu. Salehe akamuuliza, kwa sauti ya baba, "Basi mwanangu, nimkate baba peke yake, nimkuze?"

Akaitazama picha: mgonjwa aliyefunikwa koti, na kijana wa mwisho wa safu anayejikumbatia kwa baridi.

"Hapana, mzee. Usimkate. Nataka na koti lionekane."