Kitambaa cha Mama Hulda

Hudson alikuwa na kibanda karibu na stendi ya Garsen, pale mabasi ya Lamu na Malindi yanaposhusha watu. Alitia nyimbo kwenye kadi za simu, akabadilisha vioo vilivyopasuka, na zaidi ya yote alitoa majibu. Ukimletea simu iliyozimika, kabla hujaitoa mfukoni, yeye alishajua: ni virusi. Redio ya jirani ikikoroma, ni virusi. Nadhani hata ng'ombe angekohoa sokoni, Hudson angeuliza kama amewekewa programu ya kinga.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuvutiwa na elimu hiyo, naye ni mama mkwe wake, Mama Hulda wa Idsowe. Hakumwita kwa jina. Alimwita "huyo wa simu", na alipokuwa na neno naye alimpitishia bintiye Metrine, mke wa Hudson, hata wakiwa wote watatu kwenye mkeka mmoja. Hudson naye alijibu kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa adabu ya nyumba ile ndivyo ilivyotaka, na mkwe habadilishani maneno na mama wa mke wake.

Baba mkwe alikuwa tofauti. Mzee Kaviha, mwongoza kwaya, alimpenda Hudson na kumwamini bila sababu yoyote ya maana. Kila kwaya ilipoimba, Hudson alisimama mbele na simu yake akirekodi. Mzee alipofariki, rekodi zile zilibaki kwenye laptopu ya Hudson, na Metrine akamwambia mamake kwamba siku ya kumbukumbu Mzee ataonyeshwa kwenye runinga kubwa ya sebuleni, akiimba.

"Si aonyeshwe kwenye hicho kidude chenyewe?" jirani mmoja aliuliza, akiionyesha laptopu.

"Sitaki kumwona mume wangu akiwa mdogo," Mama Hulda alisema. "Alikuwa mtu mkubwa."

Basi hilo ndilo lililokuwa mabegani mwa Hudson. Mama yule hakuwa amesikia sauti ya mumewe tangu afariki, na alikuwa amejitayarisha kuisikia. Kwa heshima ya siku hiyo alifuma kitambaa cheupe chenye maua, kilichoifunika runinga kama gauni, mbele kikikunjwa juu na nyuma kikishuka mpaka mezani, pindo limebanwa kwa mpira. Aliivisha jioni iliyotangulia, kwa mikono yake, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Asubuhi wageni walijaa chini ya turubai na dirishani. Hudson aliweka laptopu mezani, akapitisha kichwa cha waya katikati ya maua yaliyofumwa, taratibu, akakisukuma kwenye tundu la nyuma. Kiliingia kwa adabu. Akawasha. Runinga ikatoa maandishi: No Signal.

"Ni virusi," Hudson alisema.

Aliizima laptopu, akaiwasha. No Signal. Mmoja akashauri waongeze bando. Mwingine akasema antena imegeukia Bura. Mama Hulda alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, macho kwenye maandishi yale, na Hudson aliona macho hayo ni mabaya kuliko matusi.

Hapo, nakiri, Hudson alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kibandani kwake: alifikiri. Runinga inaandika, kwa hiyo ina umeme na kioo chake ni kizima. Inachosema ni kwamba hapo inapotazama hakuna kinachoingia. Je, inatazama pale pale? Alichukua rimoti, akakagua: waya umechomekwa tundu la kwanza, na runinga imechagua la kwanza. Akarudi kwenye laptopu, akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua picha itoke pande zote mbili. Laptopu ikamjibu kwamba haioni kioo kingine chochote. Haikuwa imekataa kutoa picha. Haikujua kama kuna mtu wa kumpa. Akachomeka tundu la pili, akabadilisha na rimoti. Vilevile.

"Basi waya umekatika ndani," akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Waya ule aliuuza Hanad, mwenye duka la vyombo vya umeme Garsen. Hudson alirukia bodaboda, laptopu na waya kifuani.

"Waya wangu haufi, warya," Hanad alisema, akimwita kwa Kisomali, tayari kuapa. "Leta hapa."

Alichomeka waya uleule kwenye runinga ya dukani. Picha ikatokea papo hapo: Mzee Kaviha mwenye joho, mdomo wazi kabla ya kuimba. Hudson akaizima upesi, kama aliyechungulia kisichomhusu. Laptopu nzima, waya mzima. Hanad alifurahi sana.

"Sasa runinga yao ni mbovu," Hudson akasema.

"Mara ya mwisho ilionyesha lini?"

"Jumapili ilionyesha mpira."

"Kwa waya huu?"

"Kwa huu."

"Sasa kuanzia Jumapili mpaka leo, mmebadilisha nini?"

Hudson aliinama. Alikuwa akitazama nyuma ya runinga ya Hanad, pale kichwa cha waya kilipoingia. Chuma chake chote kilikuwa kimemezwa. Kule Idsowe, alikumbuka, kipande cha chuma kilibaki kinang'aa nje, katikati ya maua meupe. Kilichokizuia ni kitambaa cha mama mkwe. Angefurahi mara mia kama ingekuwa virusi.

Njia nzima alitafuta uongo. Angepata mwanya upi mkono wake upite chini ya kitambaa bila kuonekana, nyumba imejaa watu? Alifika, akamwita Metrine kando ya kiti cha mamake, kwa maana hapakuwa na kando nyingine.

"Mwambie mama," alisema, macho chini, "kosa ni langu. Nilichomeka waya juu ya kitambaa. Nyuzi zimeingia kwenye tundu, waya haufiki mwisho. Kitambaa hakina kosa."

Metrine akamgeukia mamake, aliyekuwa amesikia kila neno. "Mama, anasema..."

Mama Hulda alishainuka. Alikwenda nyuma ya runinga, akainama mwenyewe, akatazama uzi mweupe uliokunjamana mdomoni mwa tundu. Akautoa kwa kucha. Kisha akaivua runinga gauni lake lote, mbele ya wageni, bila haraka.

"Kumbe ni mimi niliyemziba mdomo," alisema. Akamgeukia Hudson, aliyeshika waya. "Chomeka, Hudson."

Hakupitia kwa Metrine. Hudson alisukuma waya mpaka chuma kikazama chote. Laptopu ikakiona kioo. Picha ikajaa.

Mzee Kaviha alikuwa amesimama mbele ya kwaya, joho limemkaa upande, akitazama moja kwa moja kwenye simu iliyomrekodi. Hakuanza kuimba. Alikunja uso kama alivyokuwa akifanya kila mara kabla ya wimbo, akamuuliza mkwewe:

"Hudson, wanaona huko?"

Mama Hulda alikuwa amesimama karibu na kioo, kitambaa kimekunjwa kifuani.

"Tunaona, Baba Metrine," akamjibu. "Imba."