Kibudu Kinywani mwa Kasuku

"Hakuna neno lililotoka kwa binadamu likanikwama kooni. Hata shetani akipanda kizimbani nitamtafsiri, na kukohoa kwake nitakohoa."

Hayo aliyasema kwenye sherehe ya kumuaga karani wa mahakama, kipaza sauti mkononi, soda ya tatu tumboni. Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo wakamwita Kasuku, naye akalipokea jina kama mtu anayepandishwa cheo.

Miaka kumi na miwili Kasuku amekuwa mkalimani wa mahakama. Ametafsiri wezi wa kuku, wagoni, na bwana mmoja aliyewashtaki wakwe zake kwa kumroga kipara. Shahidi akisema "mimi", naye husema "mimi". Haongezi, hapunguzi, hapambi, hamshauri mtu. Akiwa na lake la kusema hujiita "mkalimani", kana kwamba ni mtu mwingine aliyesimama kando yake.

Jumanne ile mshtakiwa alikuwa mwenye bucha, shingo ina mikunjo mitatu, aliyedaiwa kuiuzia shule ya bweni nyama mbovu. Watoto arobaini walilazwa. Shahidi wa upande wa mashtaka alikuwa mkata nyama wake, mtu asiyejua ila lugha ya kwao, na kwao ndiko kwao Kasuku. Hawakufahamiana, na Kasuku alimweleza hakimu hivyo kabla ya kuapa. Katika chumba kile waliokielewa kikwao walikuwa wanne tu: yeye, shahidi, na wanawake wawili benchi la nyuma, shangazi wa shahidi na shoga yake.

"Tulikuwa tunaletewa vibudu, ng'ombe waliojifia," shahidi alianza. "Nyama ya kijani, inateleza kama kamasi. Inanuka kama mkundu wa fisi anayehara."

Kasuku, mwimbaji wa kwaya, akayasema yote, mpaka hilo la kuhara. Benchi za kati zikacheka. Wakili wa utetezi akainuka.

"Mheshimiwa, hayo ni maneno ya shahidi au ya huyu mama?"

"Mkalimani anathibitisha ni ya shahidi," Kasuku akajibu.

"Endelea hivyohivyo," akasema hakimu.

Mwendesha mashtaka akauliza nyama ile ilifanywa nini.

"Tuliitoa funza kwa vidole, tukaiosha na sabuni ya unga. Halafu mimi nikaipaka damu mbichi ing'ae. Paka wa jirani nilimtupia kipande, akanusa, akaondoka zake."

Kabla Kasuku hajafungua mdomo, mkata nyama akamgeukia na kutabasamu, tabasamu la kuomba chumvi kwa jirani.

"Dada, hilo la mimi kupaka damu liache. Sema ni bosi. Hawa hawajui kitu."

Benchi la nyuma shangazi akakohoa, kikohozi chenye maana.

Habari za nyama Kasuku alishazizoea kidogo. Kilichomchukiza ni lile tabasamu, jinsi lilivyomhesabu tayari kuwa mwenzao. Akiacha sentensi moja, hakuna atakayejua. Na kulikuwa na kishawishi cha pili, kibaya zaidi: kuikaza sauti, kulitia neno "mimi" sumu kidogo, ili hakimu amchukie huyu mtu kama yeye Kasuku anavyomchukia. Hilo nalo lilikuwa kuongeza. Akasema kwa sauti ya kusoma ratiba:

"Tuliitoa funza kwa vidole, tukaiosha na sabuni ya unga. Halafu mimi nikaipaka damu mbichi ing'ae. Paka wa jirani nilimtupia kipande, akanusa, akaondoka zake. Dada, hilo la mimi kupaka damu liache. Sema ni bosi. Hawa hawajui kitu."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamwambia shahidi kwamba halazimiki kujibu lolote la kumtia hatiani, kwamba asemayo yanaweza kutumika dhidi yake, na kwamba anaweza kuonana na wakili kwanza. Kasuku akamfikishia neno kwa neno.

"Dada, wamejuaje? Sasa nifanyeje?"

"Dada, wamejuaje? Sasa nifanyeje?" Kasuku akamwambia hakimu.

Kesi ikaahirishwa. Mkata nyama akatoka na askari wawili, na koridoni shangazi akamsubiri Kasuku.

"Mwanangu, ulimi wako ungeuma nini kukaa kimya?"

"Shangazi, siruhusiwi kuzungumzia kesi." Akapita, na kabla hajaenda kula akamwarifu karani kwamba ndugu wa shahidi amemsemesha.

Mama yake alipiga simu saa kumi.

"Wanasema umemfunga mtoto wa watu."

"Amesema mwenyewe, mama. Kwa mdomo wake."

"Mdomo wake nani kausikia? Wamesikia wako. Kwenye chama chetu cha akina mama wamesema mwakani nisigombee tena uenyekiti. Haya, pita ununue nyama, wajomba zako wanakuja."

Kasuku alifika mbele ya bucha ya mtaani kwao. Paja lilining'inia kwenye ndoano, jekundu, linang'aa vizuri mno. Akavuka barabara hadi dukani.

Maharage, kilo moja: elfu tatu na mia mbili.