Bosibori Atafuta Jibu la Reli

Kwa miaka sita Bosibori amekuwa karani wa chai katika kituo kimoja cha kununulia majani karibu na Kaplong, na wakulima wanamwogopa kuliko chifu. Mtu akimwaga majani mezani, yeye hupitisha mkono mara moja tu: "Haya yaende mizani. Haya ni magumu kama soli ya kiatu, rudi nayo nyumbani." Habembelezi mtu.

Mpe kalamu sasa. Anakuwa mpole mpaka unamhurumia.

Jumamosi hiyo alisimama mbele ya Mwalimu Kipkurui, mhadhiri wa historia katika chuo anachosomea ualimu wikendi. Insha yake ilikuwa imerudishwa. Swali liliuliza kama reli ndiyo iliyokuwa sababu kuu ya kuanzishwa kwa mashamba makubwa ya chai Kericho. Chini ya ukurasa wa mwisho, kalamu nyekundu nayo iliuliza: "Sasa jibu ni lipi?" Aandike hitimisho upya na kulileta kabla ya saa kumi. Asipofanya hivyo, hataenda mazoezi ya ualimu muhula ujao, na mwaka mzima umekwenda na maji. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Lakini mwalimu, hitimisho si nimeweka?"

"Soma mwanzo wako."

"Insha hii itajadili reli, ardhi, wafanyakazi na hali ya hewa."

"Soma mwisho."

Bosibori alikohoa kidogo. "Insha hii imejadili reli, ardhi, wafanyakazi na hali ya hewa."

Dorine, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akingoja mlangoni, alishindwa kujizuia. "Bosi, hiyo ni kuwaambia watu 'karibuni harusini' na wao wanatafuta viatu waende nyumbani!"

"Nilifundishwa hivyo tangu shule ya msingi!"

"Sawa," alisema Kipkurui, "lakini mimi nimekuuliza swali. Nenda ukanijibu."

Walikaa kwenye benchi la nje, Bosibori akaandika kwa hasira: Wakoloni walikuwa watu wabaya sana.

"Amina," Dorine alisema. "Sasa pitisha sadaka. Kwani uliulizwa tabia zao? Uliulizwa reli."

Akafuta. Akaandika: Sababu zote zilikuwa muhimu.

"Ai! Wewe? Mkulima akikuletea gunia, huwa unamwambia majani yote ni muhimu?"

"Dorine, niache. Mimi ni Mkisii, nianze kutoa hukumu kuhusu ardhi ya watu wa hapa?"

"Na mimi mwenye babu wa hapa nakwambia uitoe. Umejaza kurasa tano wewe mwenyewe. Zinasema nini?"

Bosibori akarudi nyuma, kidole juu ya mistari yake. Ukurasa wa pili: reli ilifika Lumbwa, Kipkelion ya leo, mwaka wa 1901. Ukurasa wa nne: mashamba makubwa ya chai yalianza miaka ya 1920. Kidole kikarudi wa pili. Kikaenda wa nne.

"Ngoja. Ngoja, Dorine! Kama reli ndiyo sababu kuu, hiyo miaka ishirini treni ilikuwa inangoja nani?"

"Eeeh!"

"Na mvua! Mvua ilikuwa inatunyeshea hata kabla ya reli. Mvua haikubadilika!" Alikuwa amesimama tayari, na watu wawili kwenye uwanja wakageuka kumtazama. "Ni nini kilichobadilika hapo katikati?"

Hakungoja kujibiwa. Aliandika akiwa ameegemeza karatasi ukutani:

Reli ilihitajika, kwa sababu bila hiyo ingekuwa vigumu kufikisha chai bandarini. Lakini haikutosha: ilikuwepo takriban miaka ishirini kabla ya mashamba makubwa. Mvua ilikuwepo tangu zamani, na wafanyakazi wengi waliletwa mashamba yalipokuwa yameshaanza. Kilichobadilika ni ardhi. Ilipochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis na hatimaye kufika kwa makampuni yenye mtaji, ndipo mashamba yalipowezekana. Kwa hiyo ardhi ndiyo sababu kuu. Reli ilisaidia tu.

Saa kumi kasoro dakika saba, Kipkurui alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Sikubaliani na wewe."

Bosibori akanyoosha mkono kuichukua karatasi arudi nayo benchini, lakini Kipkurui hakuiachilia.

"Bila reli, kampuni gani ingeleta pesa zake huku kwenye matope?" Mkono wake ulikuwa umeshaandika alama, tena nzuri. "Lakini umepima, umechagua, na sababu umezitoa ndani ya kazi yako mwenyewe. Hapo naweza kubishana nawe. Na ile ya kwanza ningebishana na nini? Nenda mazoezi."

Dorine alimrukia na kumvuta mkono. "Umepita! Twende kabla hajabadilisha nia!"

Bosibori hakusogea. Alivuta kiti, akakaa, akaweka viwiko mezani kwa mwalimu.

"Twende wapi? Huyu bado hajanijibu ya ile miaka ishirini."